Maneno Chini ya Picha ya Mahari
(Mazungumzo kwa vijana wapiga picha za harusi, Tanga)

Assalaam alaykum. Bwana asifiwe. Na wale ambao hawamo kwenye hizo mbili, habari za mchana.

Mwenyekiti wenu aliponipigia simu alisema, "Mzee, njoo uwafundishe vijana kuandika maneno ya picha." Nikamwuliza, picha ipi? Akasema zote. Nikamwambia zote siziwezi. Nitakuja na moja. Basi ndiyo hii niliyoibandika ubaoni. Wa nyuma sogeeni, msione haya, picha ya kutoa mahari haitazamwi kwa mbali.

Mnaiona. Ni ukumbi wa nyumba ya Ngamiani, kwenye zile barabara zetu za namba. Chini pametandikwa jamvi, juu ya jamvi mkeka mpya. Mzee mwenye kanzu na koti jeusi ameinua mikono. Wenzake nao mikono juu. Mwisho wa mkeka upande huu kuna kijana kainamisha kichwa, na upande ule kuna binti kajitanda mtandio, shangazi yake yuko ubavuni. Katikati kuna sinia lililofunikwa kitambaa cha kufuma, na kando ya sinia chetezo kinafuka ubani. Picha nzuri. Nimeipiga mwenyewe, najisifu kidogo, mniwie radhi.

Mjukuu wangu alipoiona kwenye kompyuta alinisaidia kuiandikia. Aliandika hivi: "Mahari imelipwa, wazee wamebariki ndoa, sasa ni mke na mume! Ndoa ya kimila Tanga." Mstari mmoja, una makosa manne, na yote manne yanaingia kwa mtu mwenye nia njema. Nitayachukua moja baada ya jingine, lakini si kwa haraka.

Kabla ya hapo niwape kisa changu, ili msidhani nimekuja kumsema mjukuu.

Enzi za filamu nilipiga picha kwenye shughuli kama hii, upande wa Makorora. Mshenga anamkabidhi mzee bahasha, mzee anaipokea kwa mikono miwili, watu wanacheka. Gazeti moja likaitaka. Nikawaandikia nyuma ya picha kwa kalamu: "Baba wa bibi harusi akipokea mahari ya binti yake." Ikatoka Jumapili. Jumatatu asubuhi mama wa yule binti yuko mlangoni kwangu, gazeti mkononi. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Mume wangu yuko kaburini mwaka wa tatu huu. Amepokea mahari gani?"

Yule mzee alikuwa baba mdogo. Kama kosa lingeishia hapo lingekuwa dogo, ningeomba radhi yakaisha. Lakini kule barazani kwenye kahawa maneno yalikwisha kugeuka: baba mdogo kala mahari ya yatima, picha si hii hapa. Nikaenda chumba cha giza, nikaiweka ile negativu kwenye mashine, nikaikuza mpaka ile bahasha ikajaa karatasi nzima. Kwenye bahasha pameandikwa kwa kalamu ya wino wa bluu: "Kilemba". Haikuwa mahari kabisa. Maandishi yalikuwapo siku zote, mimi ndiye sikuyasoma.

Sasa nisimame hapa, maana hapa ndipo penye mzizi.

Kwetu pwani siku hiyo hupelekwa vitu kadhaa, na kila kimoja kina jina na mwenyewe. Mahari ni ya binti. Si ya baba, si ya mjomba, si ya ukoo. Kwa Waislamu jambo hili limo kwenye Qurani, Sura ya An-Nisaa, aya ya nne: wanawake wapewe mahari yao, na wao wenyewe wakiridhia kumwachia mtu sehemu yake, hapo ndipo anaweza kuila. Wazee hupokea kwa niaba yake, kisha humfikishia. Kilemba ni heshima ya baba. Mkaja ni wa mama, jina limetokana na ile nguo anayojifunga tumboni akishajifungua. Ubeleko nao ni wa mama, ile nguo aliyombebea mtoto mgongoni. Zamani zilikuwa nguo kweli. Siku hizi mara nyingi ni fedha ndani ya bahasha, ila majina yamebaki yale yale, na mshenga mwenye adabu huandika jina juu ya kila bahasha ili zisichanganyike mbele za watu.

Kwa hiyo ukiandika "baba akipokea mahari" hujaandika jambo dogo. Mwenye kujua anasoma kwamba baba amechukua cha mwanawe. Ukiandika "baba mdogo, kwa niaba ya marehemu kaka yake, akipokea kilemba", umempa mzee heshima yake na marehemu heshima yake, na mahari ya binti hujaigusa. Tofauti yote hiyo ilikuwa kwenye karatasi ya bahasha. Tangu siku ile, sinia likifunuliwa tu, picha yangu ya kwanza ni ya bahasha zenyewe, karibu, herufi zisomeke. Picha hiyo simpi mtu. Ni daftari langu.

Na kuna pande zetu nyingine nje ya mji, Usambaani, Uzigua, Udigo, ambako mambo haya yana majina mengine, na pengine mifugo inaingia. Ukienda huko usibebe majina ya Ngamiani. Muulize mshenga, "Hiki mnakiitaje?" Naye atafurahi kuulizwa, washenga wanapenda kuulizwa.

Turudi ubaoni. "Mahari imelipwa." Je, imelipwa?

Nilikuwapo, nitawaambia ilivyokuwa, ila kiasi halisi sikitaji, nitatumia tarakimu za mfano. Tuseme binti alitaja milioni moja. Mshenga akaja na laki saba. Akaliweka sinia, akasema kwa sauti ya chini kwamba bwana anaomba laki tatu zibaki. Hapo ukumbi ulinyamaza, mkasikia feni tu. Wazee wa upande wa binti hawakujibu. Wakamtuma shangazi ndani akamwulize mwenyewe, kwa kuwa ni yake. Shangazi akarudi: ameridhia, zibaki deni, zitajwe siku ya nikaha. Ikaandikwa kwenye karatasi, pande mbili zikaweka sahihi, watu wakapumua, vigelegele.

Dini inaliruhusu hilo, mahari kutangulizwa sehemu na sehemu kubaki deni juu ya mume. Tatizo ni la mwandishi. Ukiandika "imelipwa", umesema uongo, na karatasi yenye sahihi ipo. Ukiandika "sehemu ya mahari imetolewa", umesema kweli lakini umemvua kijana wa watu nguo mbele ya mji mzima. Nimeona wapiga picha wakikwama hapo na kuandika chochote kile. Lakini Kiswahili kina neno lake: wamemalizana. Familia zimemalizana mahari. Kumalizana si lazima fedha yote iwe mezani. Ni kwamba lililokuwa kati yao limepata mwisho wake kwa ridhaa. Ni kweli tupu, na hakuna aliyeaibika. Kwenye shughuli nyingine ambako kila kitu kimetolewa, andika "imekamilishwa". Na ikiwa siku hiyo walikwenda kutajiana tu na hakikutoka kitu, andika "wamekubaliana". Maneno matatu, hali tatu. Usijue kwa kutazama nyuso, maana watu hucheka katika hali zote tatu. Muulize mshenga.

Kiasi cha fedha mimi siandiki, hata nikiambiwa. Nimeshaombwa, mara moja na bwana mwenyewe aliyetaka mji ujue katoa ngapi. Nikamwambia andika wewe kwenye ukurasa wako. Binti wa jirani naye ana posa nyumbani, tarakimu yako itaingia kwenye mazungumzo yao bila kualikwa. Hilo ni langu, asiyekubali asikubali.

Sasa "wazee wamebariki ndoa." Kijana mmoja hapa mbele anatikisa kichwa, haoni ubaya wake. Wewe ni Mwislamu, sivyo? Eeh. Angemwuliza jirani yake wa Muheza. Katika koo zetu, hasa za Kibondei, Waanglikana na Waislamu wamo nyumba moja, shangazi wa kanisani na mjomba wa msikitini. Kwa watu wa kanisani "kubariki ndoa" ni tendo mahsusi: wawili waliokwisha kuishi pamoja, au waliofunga kwa mkuu wa wilaya, wanakwenda mbele ya padri ibarikiwe. Shangazi mmoja wa kijana huyu pichani ni wa kanisani. Asome "wazee wamebariki ndoa", ataelewa kwamba hawa walikuwa wakiishi pamoja kimyakimya. Binti wa watu hajawahi hata kuketi naye jamvi moja kabla ya siku ile! Na kwa desturi ya zamani hata siku ile wasingeketi, bwana hakanyagi huko mpaka nikaha, anaenda mshenga tu. Nyumba hii waliamua kuwaita wote wawili, lakini tazameni nafasi iliyopo kati yao. Sinia zima. Nafasi hiyo ni adabu, msije mkaikata kwa kusogeza picha ili waonekane wamekaribiana.

Kwa hiyo, walifanya nini wazee? Waliomba dua. Mzee aliinua mikono, akaomba, wenzake wakaitikia amin, wakamaliza kwa Fatiha, wakafuta nyuso. Basi andika hivyo, "wakiwaombea dua." Kama wangemwagiwa maji vichwani, andika maji. Kama wangewekewa mikono, andika mikono. Neno "baraka" ni zuri lakini halina umbo, na picha ina umbo.

Na waliombewa dua akina nani? Si ndoa. Ndoa haipo bado. Ni wachumba.

Hapo tunafika kwenye "sasa ni mke na mume", na "ndoa ya kimila". Haya mawili nayapeleka pamoja. Kwa Waislamu, bila nikaha hakuna ndoa: walii, mashahidi wawili, aozeshe huyu akubali yule. Siku hii hakikufanyika kitu katika hivyo. Na "ndoa ya kimila" si pambo la lugha. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa ya kimila kama inavyoitambua ya dini na ya kiserikali. Ukiandika "ndoa ya kimila" umesema watu hawa wameshaoana kisheria, kwa njia ile. Sheria hiyo hiyo inasema ndoa iliyofuata masharti yake haibatiliki kwa sababu tu desturi ya mahari haikufuatwa. Basi mahari na ndoa ni vitu viwili, kimoja hakisimami badala ya kingine. Sheria inampa mtu pia nafasi ya kudai mahakamani zawadi alizotoa kwa ajili ya ndoa ambayo haikufungwa. Siku posa ikivunjika, na huvunjika, kila upande utatafuta picha zako. Maneno uliyoyaandika chini yatakuwa yamekaa pale pale, tarehe na yote.

Andika "siku ya kutoa mahari". Inatosha. Binti ameposwa, ametolewa mahari, hajaolewa. Kiswahili kimempa kila hatua neno lake, wala hatuna haja ya kuruka.

Sasa niwaonyeshe kitu kimoja ambacho nadhani kitawasaidia zaidi ya haya yote, nacho ni kisilabi kimoja: ki.

Mmeona magazeti yetu. "Waziri akikata utepe." "Mwanafunzi akipokea zawadi." Kwa nini hayaandiki "Waziri alikata"? Kwa sababu picha imeshika tendo likiwa katikati. Utepe haujakatika, wala si mzima tena. Hiyo ki ndiyo lugha ya picha. Basi mimi nikishaandika nayapitia maneno yangu kitenzi kwa kitenzi, nauliza, hiki kinaonekana pichani? Kinachoonekana nakipa ki: wazee wakiomba. Kilichopita kabla sijabonyeza nakipeleka nyuma kwa "baada ya": baada ya familia kumalizana mahari. Mkono wa kutoa bahasha haumo pichani hapa, hivyo siwezi kusema "akikabidhi". Na ambacho hakijawa nakipa ta: nikaha itafungwa. Jaribuni mstari wa mjukuu wangu kwa kipimo hicho. Imelipwa, wamebariki, sasa ni. Vitenzi vyote vimekwisha, hakuna hata kimoja kinachotendeka. Ukiufunika ubao usingejua kama kuna mtu kwenye picha.

Kwenye kutaja watu mnajua kanuni, tunahesabu kutoka kushoto, kushoto kwa mtazamaji, si kwa anayetazamwa. Ila jihadharini na neno "kulia". Nimewahi kuandika "mama wa bibi harusi (kulia)", na kweli mama alikuwa analia, basi watu wakadhani nimewaeleza machozi yake. Tangu hapo naeleza kwa nguo: mwenye kanzu na koti, aliyejitanda mtandio wa kijani. Nguo haihami hata mtu akiigeuza picha.

Na jambo la mashine, kwa ufupi. Maneno yaandikeni pia ndani ya faili lenyewe, kwenye ile sehemu programu nyingi huiita `Description` au `Caption`, pamoja na tarehe na mahali. Mkiituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida maneno hayo yanapotea njiani. Itumeni kama `Document`, yanafika. Nina picha za miaka na miaka kwenye makasha, sura nzuri, nyuma hapakuandikwa kitu. Wazee wale wamekwisha, na hakuna wa kumwuliza.

Haya. Nikampa mjukuu kiti akaandika upya, mimi nasema yeye anachapa. Majina hapa nimeyaacha kwa heshima ya wenyewe, kwenye yenu yawekeni, kamili, kama mwenyewe anavyoyaandika. Ikatoka hivi:

"Wazee wa familia mbili wakiwaombea dua wachumba, walioketi miisho miwili ya mkeka, Ngamiani, Tanga, siku ya kutoa mahari. Dua ilisomwa baada ya familia kumalizana mahari. Anayeongoza, mwenye kanzu na koti jeusi, ni babu mzaa baba wa binti. Anayemfuatia kushoto ni mshenga aliyepeleka posa. Nikaha itafungwa Mfunguo Mosi."

Mjukuu akasema, "Babu, haina raha." Nikamwambia raha imo pichani, hapa panatakiwa kweli. Akasema ni ndefu. Hilo nililikubali, tukaondoa "Dua ilisomwa" tukaunganisha: "siku ya kutoa mahari, baada ya familia kumalizana." Imepungua, haijapoteza kitu.

Kisha nikafanya ninalolifanya kila mara kabla ya kuachia. Nikampigia simu mshenga, nikamsomea, neno kwa neno. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Maalim, yote sawa. Ila yule mzee si mzaa baba. Ni mzaa mama. Babu mzaa baba ndiye huyo aliyekaa nyuma ya nguzo, ana kikohozi, akampisha mwenzake aombe."

Nikatazama. Kweli, nyuma ya nguzo, viganja viwili vimeinuliwa, sura haionekani. Tukafuta "baba", tukaandika "mama", na mzee wa nyuma ya nguzo tukamtaja naye.